Mzigo wako utafika kesho: namna ya kusoma, kuhakiki na kujibu ujumbe wa kampuni ya kuleta mizigo mjini Lubumbashi

Mtu anayenunua frigo, kabati au jenereta mjini Lubumbashi na kuomba iletwe hadi nyumbani hupokea, mara nyingi siku moja kabla, ujumbe mfupi unaomweleza kwamba mzigo utafika kesho kati ya saa fulani na saa fulani, na kumtaka athibitishe kwamba kutakuwa na mtu wa kuupokea. Wengi hujibu "ndiyo" papo hapo, wakiwa kazini au sokoni, kisha ndipo wanaanza kutafuta mtu wa kubaki nyumbani. Nimefanya kazi ya kupanga safari za malori yanayopelekea wateja mizigo katika mji huu, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu mpangilio huo umegeuzwa. Jibu linatakiwa kuja mwisho, baada ya kujua ni nani atakayekuwepo, ataweza kukaa hadi saa ngapi, fedha ziko wapi, na kama mzigo unaweza kupita mlangoni.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja anayeuza vitambaa katika soko la Kenya amenunua frigo kubwa, amelipa sehemu ya bei, na anakaa katika komini ya Katuba pamoja na mpwa wake anayesoma chuo kikuu. Siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, anapata ujumbe huu:

> Mzigo Na. 4471 (frigo 1) utafika Katuba kesho Alhamisi 14:00-17:00. Je, mtu mzima atakuwepo kupokea? Jibu NDIYO au HAPANA kabla ya leo 18:00. Salio: dola 120.

Hatua ya kwanza: soma saa kama ilivyoandikwa, si kama unavyoizoea

Ujumbe unatumia saa ya tarakimu 24. 14:00 ni saa nane mchana, na 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nimeona watu wakimwambia ndugu aliye nyumbani kwa simu, "wanakuja saa kumi na nne hadi kumi na saba," naye ndugu akabaki anahesabu vidole. Unapopitisha habari kwa mtu mwingine, mwambie saa kwa namna mnayoisema nyumbani, na umwombe airudie.

Kuna jambo la pili ambalo ni la mji wetu hasa. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ikiwa kampuni ina ofisi kuu Kinshasa na ujumbe unatumwa na mashine iliyoko huko, inawezekana saa iliyoandikwa ni ya Kinshasa, na kwa hiyo 14:00 yao ni saa tisa alasiri kwetu. Kampuni nzuri hurekebisha jambo hilo, ila si zote. Kama ujumbe umetoka kwa kampuni yenye matawi katika miji mingi, uliza mara moja tu: "Hiyo ni saa ya Lubumbashi?" Jibu lao litakufaa pia mara nyingine, kwa sababu mashine ile ile itaendelea kutuma kwa mtindo ule ule.

Angalia pia kwamba ujumbe una saa tatu tofauti zenye kazi tofauti. 14:00 na 17:00 ni mipaka ya lori kufika mlangoni, wala si mipaka ya kazi kumalizika. Lori likifika saa kumi na moja kasorobo, kushusha frigo, kuifungua, kuikagua na kutia saini kunaweza kuendelea hadi saa kumi na moja na nusu. 18:00 ya leo, ambayo ni saa kumi na mbili jioni, ni mwisho wa kujibu, na hiyo ndiyo saa ambayo wateja wengi hawaioni kabisa.

Kwa nini muda ni mrefu hivyo, na kwa nini wanataka jibu leo

Mteja akielewa jinsi muda huo unavyopatikana, ataacha kuukasirikia na ataweza kuutumia. Mpangaji huchukua orodha ya mizigo ya kesho, huipanga kwa kartie ili lori lisirudi nyuma, kisha hukadiria muda wa safari na muda wa kushusha kwa kila mteja. Tuseme lori linatoka depo katika Kampemba saa mbili na nusu asubuhi, na mama wetu wa Katuba ni mteja wa saba. Hesabu ya mpangaji inaonyesha kwamba lori litafika kwake saa tisa na nusu alasiri. Lakini kila mmoja wa wateja sita walio mbele yake anaweza kuongeza au kupunguza robo saa: huyu geti lake limefungwa, yule ngazi zake ni nyembamba, mwingine yuko tayari na kazi inakwisha upesi. Robo saa mara sita ni saa moja na nusu. Ukiitoa katika saa tisa na nusu unapata saa nane, na ukiiongeza unapata saa kumi na moja. Ndiyo maana mteja wa kwanza asubuhi anaweza kupewa muda wa saa moja tu, na wa mwisho akapewa saa tatu au zaidi.

Kutokana na hesabu hiyo unaweza kuona jambo lenye faida: katikati ya muda uliopewa ndipo mpangaji alipokadiria. Ikiwa kuna saa moja ambayo ni lazima mtu wako mwenye uwezo zaidi awepo, iwe ile ya katikati. Hii haina maana kwamba kingo ziachwe wazi, na nitarudi kwenye kingo hizo hivi punde.

Jibu linatakiwa leo kwa sababu ya namna lori linavyopakiwa. Mzigo wa mteja wa mwisho huingia kwanza, ndani kabisa, na wa mteja wa kwanza hukaa karibu na mlango. Kazi hiyo hufanywa jioni au alfajiri sana. Mteja anayepiga simu saa nne asubuhi na kusema "nileteeni sasa hivi, mchana sitakuwepo" anaomba frigo iliyo nyuma ya kabati nne ishushwe kando ya barabara. Mara nyingi jibu litakuwa hapana, na si kwa ubaya. Lakini mteja yule yule akisema maneno hayo jana yake saa kumi jioni, kumhamisha ni kazi ya kusogeza mstari mmoja kwenye orodha.

Hatua ya pili: hakikisha ujumbe umetoka kwa unaowadhania

Jina linaloonekana juu ya ujumbe mfupi halithibitishi kitu, kwa maana linaweza kuigwa, na ujumbe wa uongo unaweza hata kuingia katika mfululizo mmoja na ujumbe wa kweli uliopokea zamani. Njia ya kuhakiki ni moja na haina gharama kubwa: chukua risiti au ankara uliyopewa dukani, piga namba iliyoandikwa pale, na usipige ile iliyo ndani ya ujumbe. Mtu akipokea, usimtajie habari za mzigo wako. Mwambie, "Nimepata ujumbe wa mzigo Na. 4471, naomba uniambie ni kitu gani na kimebaki salio gani." Mwenye mzigo mkononi atasema frigo na dola 120. Mdanganyifu atakuomba wewe ndiye useme.

Alama zinazopaswa kukusimamisha ni hizi: unaombwa utume fedha kidogo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ili "kufungua" mzigo au kulipia njia, unaombwa ubonyeze kiungo na kuandika namba yako ya siri, au unaambiwa mzigo umekwama Kasumbalesa wakati wewe umenunua kitu kilichokuwa tayari dukani mjini. Namba ya siri ya pochi ya simu haihusiani kamwe na kupokea mzigo. Baadhi ya kampuni hutuma pia tarakimu chache za kukabidhia, na hizo ni halali, ila zina saa yake: hupewa shofere zikiwa kitu cha mwisho, mzigo ukiwa mbele ya macho yako na umeshaukagua. Anayeziomba kwa simu kabla ya kufika, mkatalie kwa heshima na umweleze kwamba atazipata mlangoni.

Hatua ya tatu: tafuta mtu, na umpime kwa mambo manne

"Mtu mzima atakuwepo?" ni swali fupi linalobeba maswali kadhaa. Kampuni haiulizi kama nyumba ina watu. Inauliza kama kuna mtu anayeweza kuupokea mzigo kwa niaba yako na saini yake ikakubalika. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi, hata awe mwerevu namna gani. Sentinele wa getini anaweza kufungua geti, lakini mara nyingi hana ruhusa ya kutia saini, na si haki kumtwisha mzigo wa kusema kwamba kitu kilifika kizima wakati hakijui.

Mambo manne ninayoyaangalia ni haya. Je, mtu huyu ataweza kuwepo tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho ya muda uliotajwa, na nusu saa baada yake? Je, ana kitambulisho, kama vile kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo watu wengi wanayoitumia? Je, simu yake itakuwa na chaji na ina vizio vya kupiga? Na je, anajua cha kufanya kuhusu fedha? Jambo la kwanza ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo tumwangalie mama wetu.

Yeye mwenyewe hawezi kuacha meza yake sokoni mchana. Mpwa wake ana somo katika kampasi ya Kasapa hadi saa saba mchana. Kutoka Kasapa hadi Katuba ni kuvuka mji, na huenda abadili gari njiani, kwa hiyo mama anakadiria kwamba atafika nyumbani saa nane na robo, au saa nane na nusu magari yakiwa machache. Kwa haraka mtu angesema "basi, mpwa atakuwepo." Lakini kuna nusu saa ya mwanzo ambayo haina mtu, na lori lililobahatika kupata wateja wepesi linaweza kufika hasa katika nusu saa hiyo. Mashofere wengi husubiri getini dakika 10 hadi 15 tu, kisha huandika kwamba hakukuwa na mtu na kuondoka, kwa sababu mteja wa nane naye ana muda wake.

Mama anampigia jirani yao, mzee mstaafu anayekaa nyumbani mchana.

"Papa, kesho saa nane hadi saa nane na nusu, lori la frigo likifika kabla ya mtoto, naomba uwafungulie geti na uwaambie mtoto yuko njiani. Usitie saini yoyote, Papa."

"Sawa, Mama. Uniachie ufunguo wa geti asubuhi."

Mpango sasa umekamilika: jirani anaziba pengo la mwanzo, mpwa anapokea, na kila mmoja anajua mpaka wa kazi yake. Kama mama asingepata wa kuziba pengo hilo, jibu la haki lingekuwa kuomba muda uanze saa tisa, jambo ambalo siku ya Jumatano alasiri bado linawezekana.

Mlango na njia: vitu viwili vya kupima kabla ya kujibu

Mtu anaweza kuwepo na mzigo ukarudi depo. Sababu kubwa ni mlango. Uliza dukani upana wa kitu kikiwa ndani ya boksi na kikiwa nje ya boksi, kisha pima kwa futi kila mahali kitakapopita, ukianza na mlango mdogo wa geti, halafu mlango wa nyumba, halafu kona ya ukumbi. Frigo ya mama ina sentimita 78 ikiwa ndani ya boksi na 70 bila boksi. Mlango wa geti una sentimita 90, lakini mlango wa sebule una 75. Maana yake ni kwamba boksi lazima lifunguliwe nje, kwenye baraza, na hilo ni jema pia kwa ukaguzi. Mpwa anapaswa kulijua mapema, la sivyo atabishana na wabebaji huku jua linawawakia.

Njia nayo haiwi sawa mwaka mzima. Barabara nyingi za ndani za kartie zetu hazina lami, na katika majira ya mvua, takriban Novemba hadi Aprili, lori zito linaweza kukataa kuingia kwenye tope. Wakati huo shofere husimama barabara kuu na mzigo humalizia safari kwa mkokoteni. Kama mvua imenyesha na unajua njia yako ni mbaya, iseme unapojibu, na uulize waziwazi ni nani anayelipa mkokoteni. Nimeona ugomvi mwingi zaidi juu ya gharama hiyo ndogo kuliko juu ya bei ya kitu chenyewe, na wote ulitokana na kwamba hakuna aliyeuliza jana yake.

Hatua ya nne: jibu

Sasa jibu, na ujibu kwa namna mbili tofauti. Ujumbe wa kwanza ni kwa ajili ya mashine, nao uwe na neno moja tu:

> NDIYO

Usiandike "Ndiyo asante sana nitakuwepo Mungu akipenda," kwa sababu mashine nyingine husoma neno peke yake, na ikikuta maneno mengine jibu lako hubaki bila kuhesabiwa. Andika neno lile lile walilokuelekeza. Kama walitaka tarakimu 1 au 2, tuma tarakimu. Kama baada ya muda hujapata ujumbe wa kukiri, piga simu kabla ya ile saa ya mwisho, na uulize kama wameliona jibu.

Ujumbe wa pili ni kwa ajili ya watu, na mara nyingi hutumwa kwa WhatsApp kwenye namba ya depo uliyokwisha kuihakiki. Huu ndio unaomsaidia shofere. Mama wetu anaandika:

> Habari za jioni. Mzigo Na. 4471, kesho Alhamisi saa nane hadi saa kumi na moja, saa ya Lubumbashi. Atakayepokea na kutia saini ni mpwa wangu, namba yake ni hii. Akichelewa kidogo, jirani atafungua geti, ila hatatia saini. Kutoka barabara ya lami, ingieni kwenye njia iliyo kando ya kanisa la matofali, piteni pampu ya maji, lupango la nne upande wa kushoto, geti la kijani. Njia ni kavu. Mlango wa sebule una sentimita 75, kwa hiyo boksi litafunguliwa nje. Salio la dola 120 litalipwa kwa simu baada ya ukaguzi. Tafadhali mthibitishe kama mnakubali.

Tazama jinsi maelekezo yanavyoanzia barabara ya lami. Mwenye nyumba huwa anaeleza akianzia mlangoni kwake, "ni karibu na kwa fulani," lakini shofere anatoka upande mwingine na hamjui fulani. Taja vitu anavyoviona mtu aliyekaa juu kwenye lori, na ambavyo havihami. Kibanda cha kuuzia vizio vya simu kinaweza kuondolewa kesho asubuhi, wakati kanisa halitaondoka.

Ukituma alama ya mahali kwenye ramani ya simu, itume ukiwa ndani ya lupango. Kosa hili hutokea kila wiki: mteja yuko sokoni, anabonyeza "mahali nilipo," na lori linakwenda sokoni. Kama hauko nyumbani, mwombe aliyeko huko aitume.

Kuhusu fedha, kama salio litalipwa kwa noti, zikague usiku huo. Dola iliyochanika au yenye maandishi hukataliwa mlangoni kama inavyokataliwa kila mahali mjini, na shofere hana mamlaka ya kukubadilishia. Kama utalipa kwa simu, uliza jina litakalotokea unapotuma, ili siku yenyewe uone kwamba ni la kampuni na si la mtu binafsi.

Kama jibu ni hapana

Basi andika HAPANA mapema, na utaje papo hapo siku mbili zinazokufaa, pamoja na saa. Mpangaji anayepata HAPANA saa tisa alasiri huweka mteja mwingine mahali pako na hana kinyongo. Anayekuta geti limefungwa amepoteza mafuta, muda wa wabebaji, na nafasi ndani ya lori siku nzima, na ndiyo maana kampuni nyingi hudai malipo ya safari ya pili. Kunyamaza ni kubaya kuliko yote, kwa sababu kila kampuni hukutafsiri kwa namna yake: nyingine huuacha mzigo depo, nyingine huupakia na kuja hivyo hivyo. Hutajua ni ipi mpaka lori liwe mlangoni au lisiwepo.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Asubuhi, simu ya atakayepokea ichajiwe mapema, kwa kuwa umeme wa SNEL unaweza kukatika wakati wowote. Mwambie apokee hata namba asiyoijua, maana shofere hupiga kwa simu yake mwenyewe, mara nyingi nusu saa kabla ya kufika. Na mwambie pia kwamba kama lori litafika kabla ya saa nane, halazimiki kukimbia kutoka chuoni. Shofere aliyewahi ndiye anayesubiri mwanzo wa muda.

Siku ile shofere anampigia mpwa saa tisa na dakika tano: "Kijana, niko kwenye kanisa la matofali." Mpwa anatoka nje hadi njiani, anaonekana, na lori haliulizi tena. Frigo inashushwa ikiwa wima. Kabla boksi halijafunguliwa anaangalia kona nne za chini, kwa sababu ndizo zinazogonga sakafu ya lori, na anakuta kona ya kulia nyuma imebonyea. Boksi linafunguliwa kwenye baraza. Pale pale penye kona iliyobonyea, chuma cha nyuma kina mkunjo wa urefu wa kidole, lakini mabomba hayajaguswa, na milango inafunga vizuri.

Hapa ndipo saini ina uzito. Hati ya kukabidhi ina mstari uliochapishwa kwamba mzigo umepokelewa katika hali nzuri, na shofere mwenye haraka huonyesha kidole mahali pa kutia saini. Mpwa anaandika kwanza, kwa mkono wake, juu ya saini: "Kona ya nyuma kulia chini imebonyea, haijajaribiwa kwa umeme," pamoja na tarehe na saa, 15:20. Maandishi "nitakagua baadaye" hayasaidii, kwa maana hayasemi kasoro ni ipi. Anapiga picha ya hati hiyo na ya kona, anamtumia mama, mama anaona kwamba kasoro ni ya kuvumilika, analipa dola 120 kwa simu kwa jina la kampuni, na ndipo mpwa anatoa tarakimu za kukabidhia. Frigo haiwashwi mara moja. Inaachwa isimame kwa saa ambazo kitabu chake kimeeleza. Kama ingeletwa ikiwa imelazwa, hilo nalo lingeandikwa kwenye hati, na muda wa kusubiri ungekuwa mrefu zaidi.

Kama kasoro ingekuwa kubwa, yaani bomba limepinda au kioo kimevunjika, mpwa angekataa mzigo mzima, akaandika sababu, na asingelipa salio. Uamuzi huo ni wa mwenye mzigo, kwa hiyo mama alipaswa kuwa tayari kupokea simu tangu saa nane hadi saa kumi na moja na nusu, ingawa yuko sokoni.

Muda ukipita bila lori

Saa kumi na moja ikifika bila mtu, usimruhusu anayesubiri aondoke kabla ya kupiga simu depo. Uliza swali lenye jibu: "Lori liko kwa mteja wa ngapi, na mimi ni wa ngapi?" Wakisema amebaki mteja mmoja, kusubiri kuna maana. Wakisema wamebaki wanne na giza linakaribia, ni afadhali uombe siku nyingine, kwa sababu kukagua frigo kwa tochi ya simu ni kuialika kasoro ndani ya nyumba. Lolote watakalokubali, waombe waliandike kwa ujumbe.

Inatokea pia kwamba unapata ujumbe wa "tulifika, hakukuwa na mtu," wakati mpwa amekaa barazani mchana kutwa. Usibishane kwa maneno ya jumla. Tuma picha ya skrini ya NDIYO yako na ya saa uliyoituma, picha ya orodha ya simu za mpwa inayoonyesha kwamba hakuna aliyempigia kati ya saa nane na saa kumi na moja, na uulize shofere alipiga namba gani na alisimama mbele ya geti la rangi gani. Mara nyingi utakuta alikwenda avenyu nyingine, au namba ilikosewa tarakimu moja depo. Ukiwa na picha hizo, malipo ya safari ya pili hayakuhusu, na unaweza kulisema hilo kwa utulivu.

Siku mpya ikipangwa, utapata ujumbe mpya wenye muda mpya, na NDIYO ya zamani haiuhusu. Mpigie tena mpwa, mpigie tena Papa jirani, kisha ndipo ujibu.